Data saver imewashwa, bando bado linaisha

"Nimewasha Data Saver kwenye simu, lakini GB 1 inaisha nikipandisha YouTube video mbili za dakika tatu za mashua hapa Bagamoyo. Kwa nini?"

Salama ndugu. Anza kwa kufungua faili la video kwenye galari na kuangalia ukubwa wake, maana hicho ndicho kiasi cha bando utakachotumia kulipandisha. Data Saver ya Android huzuia programu zisile data kwa nyuma ukiwa hujazifungua. Haipunguzi uzito wa video hata kidogo.

Simu nyingi zikirekodi kwa 1080p, dakika moja huwa kama MB 130. Dakika tatu ni MB 390, na video mbili ni MB 780. Ongeza kutazama kidogo tu, GB imekwisha.

Mimi hupunguza kwenye kamera kabla ya kurekodi: naweka 720p, fremu 30. Mashua zinaonekana vizuri tu kwa anayetazama kwenye simu. Zile ulizokwisha kurekodi, kata sehemu zisizo na maana, kisha hamisha upya kwa 720p kwenye programu ya kuhariri na uangalie tena ukubwa.

Halafu YouTube ina mipangilio yake. Fungua Settings, ingia Data saving, washa Upload over Wi-Fi only ili video isubiri waifai. Kwa kutazama, rudi Settings, nenda Video quality preferences, kwenye mobile networks chagua Data saver. Ukiongeza ubora mwenyewe ndani ya video unayotazama, video hiyo haifuati tena chaguo hilo.