Pamba iliyofifia kwenye chungu cha maganda ya vitunguu

Chukua uzi wa sufu, kipande cha hariri na kipande cha pamba, vyote umevipasha moto pamoja na shabu kwa namna ile ile. Vitie kwenye maji ya maganda ya vitunguu. Sufu itatoka ya dhahabu iliyokolea na hariri itang'aa, ila pamba mara nyingi itakuwa na umanjano hafifu tu. Hapo mgeni wa kazi hii huongeza maganda. Usiongeze. Maji yakiwa bado mazito huku kitambaa kimepauka, rangi ipo, ila haijapata pa kushika.

Sufu na hariri ni protini, kama nywele zako. Protini ina sehemu ambazo alumini iliyomo kwenye shabu hujishikiza, kisha rangi hushikana na hiyo alumini. Pamba ni selulosi, na alumini haikai vizuri juu yake. Inahitaji mpatanishi, nayo ni tanini: hukamata pamba upande mmoja na alumini upande mwingine.

Kwa gramu 100 za pamba, anza kwa kuichemsha saa nzima na sabuni na magadi kidogo. Hata nguo nyeupe mpya ina nta, na maji yatageuka ya kahawia. Ikikauka, dondoshea tone la maji. Likinywewa papo hapo, endelea; likisimama juu, rudia kuchemsha. Kisha, ili kupata tanini, chemsha gramu 30 hivi za maganda makavu ya komamanga, chuja, uloweke pamba humo usiku kucha. Ikamue bila kuisuuza sana, uihamishie kwenye maji ya moto yenye gramu 15 za shabu, uiache mpaka yapoe. Sasa ndipo uitie kwenye rangi, na maganda ya vitunguu yawe na uzito sawa na wa kitambaa.

Komamanga lenyewe huongeza umanjano, kwa hiyo usitegemee rangi ile ile ya sufu. Ukitumia sufuria ya chuma yenye kutu, tanini itakutana na chuma na kitambaa kitakuwa cha kijivu.

Sufu na hariri hazihitaji tanini, na magadi usiyakaribishe kwao kabisa kwa kuwa huziharibu. Sufu iingie kwenye maji ya vuguvugu, moto upande taratibu, usifike kutokota, nayo ipoe humo humo. Ukiitoa kwenye moto na kuitupa kwenye maji baridi huku ukiisugua, itasinyaa na kushikamana, wala hairudi. Hariri iwe na moto mdogo zaidi, maana ukizidi hupoteza mng'ao.

Manjano ya jikoni yatakudanganya. Huiingia pamba moja kwa moja bila shabu, kwa rangi kali ya kufurahisha, lakini jua huifuta upesi. Kabla ya kutia kanga nzima kwenye rangi yoyote, anika kipande dirishani wiki mbili, nusu yake ukiifunika kwa karatasi nene, halafu linganisha.