Faida ya bei ya mawese imeishia wapi?

"Kiwanda chetu cha sabuni kilinunua mawese chini ya bei sanifu, ripoti inaonyesha tumeokoa milioni moja. Mbona faida ya mwezi imeshuka?"

Ndugu, milioni hiyo ni ya kweli, ila ni ya mnunuzi wenu wa mawese, si ya kiwanda kizima. Tuseme bei sanifu, yaani ile mliyopanga kabla ya kununua, ni shilingi 3,200 kwa kilo, mkanunua kilo 5,000 kwa 3,000. Tofauti ya 200 mara 5,000 ndiyo milioni yako. Hesabu hii hufanywa kwa kilo zilizonunuliwa, siku mzigo unapopokelewa, hata kama nusu yake bado iko kwenye mapipa. Mzigo ulio stoo huandikwa vitabuni kwa bei sanifu.

Sasa nenda kwenye karatasi ya matumizi. Kama sabuni mlizotoa zilistahili kilo 4,000 za mawese na mmetumia 4,400, zile 400 za ziada kwa 3,200 ni hasara ya 1,280,000. Mmeokoa milioni mlangoni, mkapoteza zaidi kwenye sufuria. Pengo ni 280,000.

Mimi ningeanza na sampuli ya mzigo huo. Mawese ya bei poa mara nyingi huwa na maji au mashapo, na kilo mnayolipia si yote mafuta. Pasha kiasi ulichopima mpaka maji yakauke, kisha pima tena. Kama uzito haujapungua sana na mashapo hayaonekani, usimlaumu mnunuzi bado: kagua mizani na umwagikaji.