Probesheni na parole Tanzania

"Kaka yangu yuko probesheni, amehamia Dar bila kumwambia afisa wake. Atarudishwa gerezani kama wa parole?"

Ndugu, hawezi "kurudishwa" kwa sababu hajafungwa. Mahakama ilimwachia kwa amri ya uangalizi, ambayo chini ya sheria yetu haipungui mwaka 1 wala kuzidi miaka 3. Anayesema kwamba kuvunja sharti ni kifungo moja kwa moja amepatia nusu tu. Afisa probesheni akitoa taarifa, kaka yako ataitwa mahakamani, na hakimu anaweza kumtoza faini huku amri ikiendelea, au kumhukumu kwa kosa lile la kwanza, ambalo adhabu yake bado inamsubiri.

Wa parole ni mfungwa wa miaka 4 au zaidi aliyekwisha kutumikia theluthi moja, akatolewa kupitia Bodi ya Parole. Akikiuka masharti, anarudi kumalizia kifungo kilichobaki.

Mwambieni aende kwa afisa wake leo, kabla hajaitwa, akiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa anakoishi sasa. Hakimu ataamuaje, siwezi kukuahidi.