Kukaa tu kwa Kizen, ni tofauti gani na kuhesabu pumzi?

"Wakuu, mi huwa nafanya meditesheni ya kuhesabu pumzi, moja mpaka kumi halafu naanza tena, na inanituliza kweli. Sasa nasikia Wazen wana ya kukaa tu, huhesabu, huangalii chochote. Hiyo si sawa na kukaa kijiweni unawaza madeni? Na akili ikihama unairudisha wapi sasa kama hamna pa kuirudisha?"

Mkuu hilo swali lako la mwisho ndo lenyewe, la kijiweni ntaligusa njiani. Mi niko Mbeya, huku Uyole, nimekaa kwa staili zote mbili miaka kadhaa, ya kuhesabu kwanza halafu hii ya kukaa tu wanayoiita shikantaza, ya Wazen wa Soto, tawi mojawapo la Ubuddha wa Zen. Aliyeipa nguvu kule Japani ni mtawa Dogen, alienda China 1223 akarudi 1227, na aliporudi akaandika maelekezo ya namna ya kukaa. Ukiyasoma utashangaa maana karibu yote ni ya mwili: kalia mto mnene, kunja miguu, mgongo wima, masikio yalingane na mabega, pua ilingane na kitovu, ulimi ugusane na kaakaa kwa mbele, mdomo umefungwa, macho WAZI, pumua kwa pua taratibu. Kuhusu akili anasema achana na shughuli zako, usipime zuri na baya, na wala usikae kwa mpango wa kuwa Buddha. Hakupi namba ya kuhesabu wala neno la kurudiarudia.

Sasa kwenye kuhesabu kazi yako inaeleweka. Kuna kitu kimoja kimechaguliwa, pumzi, na vingine vyote ni usumbufu. Akili ikitoka, unagundua, unaanza tena moja. Ukifanya vizuri uwanja unabana, sauti za nje zinakuwa kama ziko mbali, mwili unakuwa mwepesi, na unajua umefaulu au umeshindwa kwasababu namba zipo, ukijikuta umefika kumi na nne basi ulishapotea zamani.

Kwenye kukaa tu hakuna kilichochaguliwa kwa hiyo hakuna usumbufu pia. Ngoja nikuchukulie mfano wa asubuhi ya kawaida kwangu. Nimekaa nimeelekea ukuta, wa Soto ndo wanakaa hivyo, kama mita moja hivi, macho yameshuka chini kidogo. Barabara ya Tunduma haiko mbali, lori linapanda, dereva anashusha gia, bati la dirishani linatetemeka. Kama ningekuwa nahesabu, ningelisikia lori halafu ningeliacha nirudi kwenye namba. Hapa silirudishi nyuma wala silifuati, linasikika lote mpaka linaisha lenyewe, sawasawa na baridi ya shingoni na goti linalouma na wazo la ada ya mtoto linalopita. Shida inaanza pale napoanza kuwaza hilo lori litakuwa limebeba shaba ya Zambia, hapana hilo linapanda kuelekea huko labda limebeba mafuta, halafu bei ya mafuta, halafu yule jamaa ninayemdai hela ya petroli... hapo ndo kijiweni kwenyewe ulikokusema. Lori limeshapita kitambo na mimi sipo.

Sasa ghafla unazinduka. Na hapa ndo jibu lako: ule kuzinduka ndo kurudi kwenyewe, hamna hatua nyingine baada yake. Hutafuti pumzi, hujilaumu, huchunguzi wazo lilitokea wapi. Unachofanya ni kukagua mwili, maana kwa asilimia kubwa utakuta umeshajikunja: kiuno kimelegea, kidevu kimetangulia mbele, vidole gumba vilivyokuwa vinagusana vimeachana. Unanyoosha, basi, unaendelea kukaa.

Utaniuliza, si basi mkao ndo umekuwa kitu cha kushika badala ya pumzi? Hata mi nililisumbukia sana hili. Tofauti ni kwamba mkao huutazami, unaufanya. Ni kama kuendesha baiskeli, balansi unaishika muda wote lakini hukai unaitazama balansi, ukianza kuitazama ndo unayumba. Ukijikuta unapitisha akili kwenye uti wa mgongo pingili kwa pingili ujue umeshageuza mkao kuwa pumzi nyingine.

Vidole gumba ndo kipimo changu kikubwa. Mkono wa kushoto unalala juu ya kiganja cha kulia, mapajani, ncha za vidole gumba zinagusana kidogo sana kama zinashikilia karatasi isianguke. Ukianza kusinzia au kuzama kwenye ndoto za mchana vinaanguka au vinaachana. Ukianza kukaza, yani unataka kitu kitokee, vinasukumana vinasimama juu kama mlima. Huwezi kuvidanganya, na havihitaji mwalimu awepo, maana huku kwetu mwalimu wa Zen utamtoa wapi.

Kipimo kingine ni macho. Ukikodolea doa moja ukutani, baada ya muda ukuta unaanza kucheza, unabadilika rangi, kingo zinang'aa. Watu wanafurahi wanadhani wamefika mahali kumbe macho yamechoka tu kwa kukodoa, na maana yake umechagua kitu, doa. Pepesa, legeza, ukuta wote uonekane. Na ukiona kila kitu kimekuwa kimya kitamu, lori limepita hukulisikia kabisa, basi ama umezama kwenye umakini ule wa kuhesabu au umesinzia. Cha kwanza si kibaya ila si hii.

Hii hatari ya kusinzia ni ya kweli, watu walishagombania huko China karne ya 12. Mtawa mmoja wa Zen, Hongzhi, alifundisha kukaa kimya akili ikiwa angavu, mwenzake Dahui akawashambulia waliokuwa wanakaa kimya tu bila uhai wowote, yeye akasisitiza kushikilia swali gumu moja mpaka lipasuke. Mi naona Dahui alikuwa na pointi, ukikaa tu vibaya hakuna kengele inayolia kama kwenye namba, unaweza ukalala macho wazi miezi na usijue. Ndo maana walimu wengi wa Soto wenyewe humpa anayeanza kuhesabu pumzi kwanza, kwa hiyo hujapoteza muda mkuu.

Kama unataka kujaribu, amua kabla hujakaa leo ni ipi, usibadilishe katikati kwasababu imekuwa ngumu. Kule monasteri kikao ni muda wa fimbo moja ya ubani, kama dakika 40, wewe anza na 15 kwa alamu ya simu, simu iwe chumba kingine. Mto wa sufi ni mzuri (hata zafu, mito yao ya kukalia, nyingi ni za sufi), ule wa sponji unabonyea kiuno kinarudi nyuma. Kalia theluthi ya mbele tu, magoti yote yaguse chini, lisilogusa weka kanga imekunjwa chini yake. Miguu ikigoma tumia kiti, usiegemee. Na miezi ya sita na saba huku kwetu jifunike blanketi mabegani kabisa, ukitetemeka unakaza mwili mzima na vidole gumba vitakwambia hivyohivyo.