Alama 24 ya mtu mmoja inapopindua jaribio la t: lini utumie nafasi badala ya wastani

Msomaji anayeandika tasnifu ya uzamili katika saikolojia ameuliza swali ambalo wengi wenu mtakutana nalo. Ana makundi mawili madogo, amepima sonona kwa dodoso la PHQ-9, na mtu mmoja ana alama ya juu kuliko wote. Msimamizi wake anataka jaribio la t, mwenzake anamshauri atumie Mann-Whitney. Amsikilize nani?

Tuanze na dodoso lenyewe. PHQ-9 ina maswali 9, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ni kati ya 0 na 27. Ukiwapima watu wa kawaida mtaani, wengi watapata alama za chini, na wachache watafika 15, 20 au zaidi. Ukichora grafu utaona kilima upande wa kushoto na mkia mrefu kulia. Umbo hilo unalijua kabla ya kukusanya hata dodoso moja, na jambo hili ni muhimu kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano. Watu 7 wamepata ushauri nasaha kwa wiki 8, na wengine 7 wako kwenye orodha ya kusubiri. Alama zao mwishoni ni hizi:

Ushauri: 2, 3, 4, 5, 6, 8, 24
Wanaosubiri: 7, 9, 10, 11, 12, 14, 15

Ukitazama kwa macho tu, kundi la ushauri liko chini, isipokuwa yule mwenye 24. Wastani wake ni 7.43, na wa wanaosubiri ni 11.14, tofauti ya alama 3.71. Lakini jaribio la t linaigawa tofauti hiyo kwa kipimo cha mtawanyiko, na mtu mmoja ameukuza mtawanyiko mno: mkengeuko sanifu wa kundi la ushauri ni 7.57, wakati wa wenzao ni 2.79 tu. Matokeo yake t ni 1.22 na p ni karibu 0.25. Hakuna tofauti, utaandika.

Badilisha namba moja tu. Iwe 16 badala ya 24. Mtu huyo bado ana alama kubwa kuliko wote 14, na mpangilio wa watu haujasogea hata kidogo. Lakini t inapanda hadi 2.34 na p inashuka hadi kama 0.04. Hitimisho la tasnifu nzima limegeuka kwa sababu ya mtu mmoja. Katika kundi la watu 7, kila mtu anabeba sehemu ya saba ya wastani, na katika mtawanyiko aliye mbali anabeba zaidi ya hapo, maana umbali wake unapigwa kipeo cha pili.

Njia ya nafasi, ambayo ndiyo Mann-Whitney, inafanya kama mwalimu anayepanga matokeo ya darasa. Changanya watu wote 14, wapange kuanzia alama ndogo hadi kubwa, kisha mpe kila mmoja nafasi yake, 1 hadi 14. Kundi la ushauri linapata nafasi 1, 2, 3, 4, 5, 7 na 14. Jumla ni 36. Wanaosubiri wanapata 6, 8, 9, 10, 11, 12 na 13, jumla 69. Hakiki hapo hapo: 36 na 69 ni 105, na nafasi 1 hadi 14 zikijumlishwa lazima ziwe 105. Isipotimia, kuna nafasi uliyoikosea.

Kisha toa jumla ndogo kabisa ambayo kundi la watu 7 lingeweza kupata, yaani 1+2+3+4+5+6+7 = 28. Kinachobaki ndicho kipimo cha Mann-Whitney, kinachoitwa U. Kwa ushauri U ni 36 − 28 = 8. Kwa wanaosubiri ni 69 − 28 = 41. Zote mbili zijumlishwe zipatikane 49, yaani 7 × 7, idadi ya jozi zote unazoweza kuunda kwa kuchukua mtu mmoja kila kundi. Katika programu ya R jaribio hili hufanywa kwa amri ya wilcox.test, hivi:

```r
a <- c(2, 3, 4, 5, 6, 8, 24)
b <- c(7, 9, 10, 11, 12, 14, 15)
wilcox.test(a, b)
```

Utasoma W = 8 na p-value = 0.03788. R huiita W, lakini ndiyo U ya kundi uliloliandika kwanza. Weka 16 mahali pa 24 uone: jibu halibadiliki.

Usiishie kwenye p. Gawanya 41 kwa 49, upate 0.84. Maana yake ni kwamba katika jozi 49, mtu anayesubiri ana sonona zaidi ya mwenzake wa ushauri katika jozi 41. Hiyo ndiyo sentensi ya kuandika kwenye tasnifu. Wengi huandika kwamba Mann-Whitney imelinganisha namba za katikati za makundi, na hapo wanakosea. Hilo ni kweli pale tu ambapo makundi yana umbo moja na limesogea tu, na hapa mkia wa kundi moja ni mrefu kuliko wa lingine.

Watu wawili wakifungana kwa alama, wape wastani wa nafasi walizozichukua: wanaogombea nafasi ya 4 na ya 5 wote wapate 4.5. Matoleo mengi ya R yatakuonya kwamba hayawezi kukokotoa p kamili, na yatatumia makadirio. Makadirio hayo yanatosha kwa makundi ya kutosha, ila kwa makundi madogo yenye sare nyingi yaangalie kwa tahadhari. Na kama una watu 3 kwa 3, achana nalo: hata kundi moja likiwa chini ya lingine kabisa, p ndogo iwezekanayo ni 0.10.

Swali moja la ngazi, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", lina hoja ya ziada. Hatujui kama umbali kati ya ngazi ya 1 na 2 unalingana na ule wa 4 na 5, hivyo nafasi inafaa kuliko wastani. Lakini kwa kipimo cha kabla na baada, kumbuka kwamba jaribio la Wilcoxon la jozi huanza kwa kutoa alama ya kabla kutoka kwenye alama ya baada, yaani linahitaji umbali huo huo tunaoutilia shaka. Hapo tumia jaribio la ishara, linalohesabu waliopanda na walioshuka tu.

Kwa alama inayojumlisha maswali mengi na sampuli kubwa, jaribio la t, hasa la Welch lisilodai makundi yawe na mtawanyiko sawa, linafaa, na msimamizi hana kosa. Kosa ni kufanya t, kuona 0.25, ndipo ukumbuke Mann-Whitney. Umbo la PHQ-9 ulilijua tangu mwanzo, basi andika uamuzi kwenye pendekezo la utafiti. Usisubiri jaribio la Shapiro-Wilk, linalopima kama alama zina umbo la kengele, likuamulie: kwa watu 7 halioni mengi, na kwa watu 700 linalalamikia mkunjo mdogo usiodhuru.

Lakini nafasi ya 14 ni ile ile kwa mwenye 16 na mwenye 24, na kitabibu watu hao si sawa. PHQ-9 huhesabu 20 kwenda juu kuwa sonona kali. Kabla ya kupanga nafasi yoyote, fungua dodoso la mtu huyo usome jibu lake la swali la 9, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na umfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.