Maelezo mawili, tangazo moja: lipi limeshinda?

"Maelezo A yamepata mibofyo 30 na B 42, kila moja likionyeshwa kwa watu 1,000. Nichague B?"

Bado. Mchangiaji mmoja amejibu swali hili kwamba B limezidi kwa asilimia 40, na amepiga hesabu sawa, lakini asilimia hiyo imejengwa juu ya mibofyo michache mno. Kwa kuwa maonyesho yalilingana, jumlisha mibofyo yote upate 72, tafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 8.5, kisha zidisha kwa 2: tofauti isiyofika 17 huweza kuletwa na bahati tu, na yako ni 12. Mimi hutumia kanuni hii kila wiki kazini, na hufaa pale tu maelezo yote mawili yalipoonyeshwa kwa wakati mmoja, kwa watu waliogawanywa kwa nasibu. Kama A lilitoka asubuhi na B jioni, umelinganisha saa, si maneno. Endelea hadi watu 3,000 kila upande, idadi unayoipanga sasa, usisimame pale B linapoongoza. Angalia pia wanunuzi, kwani maelezo yenye fumbo huvuta wadadisi wengi wasionunua.