Namba ya umeme wa modeli: uliza kwanza imehesabu nini

Ukianza kazi ya kufunza modeli za akili mnemba, haitachukua muda utaombwa uandike imekula umeme kiasi gani na imetoa hewa ukaa kiasi gani. Usikimbilie kunakili namba ya mtu mwingine. Jifunze kuihesabu mwenyewe, kisha utaona kwa nini watu wanaozijua vizuri hizi hesabu bado wanabishana.

Chukua BLOOM, modeli kubwa ya lugha iliyofunzwa mwaka 2022 kwenye kompyuta ya Jean Zay, Ufaransa. Ni mfano mzuri kwa sababu wenyewe walitoa hesabu hadharani. Kadi za kukokotoa 384, aina ya A100 za Nvidia, zilifanya kazi kwa miezi karibu minne, na ukijumlisha saa za kadi zote unapata takribani 1,082,990. Kila kadi imeundwa kula hadi wati 400. Zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata uniti 433,196 za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Gridi ya Ufaransa inategemea sana nyuklia, na walihesabu gramu 57 za hewa ukaa kwa kila uniti. Jibu ni tani 24.7.

Wengi huishia hapo. Watafiti wa BLOOM waliendelea: mitambo ikiwa imewashwa bila kukokotoa ilikula umeme wa tani 14.6 nyingine, na utengenezaji wa vifaa wakaukadiria tani 11.2. Jumla ikapanda hadi 50.5. Modeli ni ile ile, namba imezidi mara mbili, na hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo ukisoma "tani 25" mahali pamoja na "tani 50" pengine, angalia kwanza kila mmoja amejumlisha nini.

Sasa ilinganishe na GPT-3, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yanasema uniti 1,287,000 na tani 552. Umeme ni kama mara tatu ya BLOOM, lakini hewa ukaa ni zaidi ya mara ishirini, kwa sababu kule walitumia gramu 429 kwa uniti. Tena zile uniti za GPT-3 zimeongezewa asilimia 10 ya upozaji na mahitaji mengine ya jengo. Zile 433,196 za BLOOM ni za kadi peke yake. Ukiziweka safu moja kwenye jedwali bila maelezo, umempotosha msomaji.

Ubishi uliovuma zaidi ulianzia 2019. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walikadiria kwamba kuiachia kompyuta itafute yenyewe muundo wa modeli moja hutoa takribani tani 284, sawa na magari matano katika maisha yao yote. Baadaye watu wa Google na Chuo Kikuu cha Berkeley walionyesha kwamba kwa utafutaji ule halisi makadirio yalizidi mara 88: ulifanywa kwa modeli ndogo ya majaribio, kwenye mashine na kituo cha data chenye ufanisi mkubwa. Mimi siwalaumu waliotangulia. Walio nje hukadiria kwa sababu walio ndani hawakutoa takwimu, na ndiyo sababu nakusisitizia uandike zako.

Anza na amri hii, iwe inaandika kwenye faili tangu dakika ya kwanza ya mafunzo:

```
nvidia-smi --query-gpu=timestamp,power.draw,utilization.gpu --format=csv -l 1 > umeme.csv
```

Tazama safu ya wati zaidi ya ile ya asilimia. Asilimia 100 maana yake ni kwamba kuna kazi inayoendelea kwenye kadi, si kwamba kadi inatumika ipasavyo. Wati zikishuka na kupanda kila baada ya sekunde kadhaa, mara nyingi kadi inasubiri data kutoka diski, nawe unalipia saa zinazopotea bure. Kumbuka pia kwamba amri hii haioni prosesa, kumbukumbu ya mashine wala viyoyozi.

Kuhesabu maji ni kugumu zaidi. Vituo vingi vya data hupoozwa kwa minara ambamo maji hugeuka mvuke na kupotea hewani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, Riverside, walikadiria kwamba mafunzo ya GPT-3 yangevukiza lita 700,000 kituoni, na lita milioni 5.4 ukijumlisha maji ya mitambo inayozalisha umeme. Tatizo ni kwamba upozaji wa maji hupunguza umeme, na upozaji mkavu huuongeza, hivyo kituo kinachojisifu kwa umeme mdogo huenda kinakunywa zaidi. Na lita haina uzito sawa kila mahali. Katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregoni, Marekani, vituo vya Google vilikuwa vikitumia zaidi ya robo ya maji ya mji mwaka 2021, na wakazi walijua baada ya mji kuvutana mahakamani na gazeti lililoomba takwimu hizo. Unapoandika lita, andika na mji, chanzo cha maji, na miezi mafunzo yalipoendeshwa.